Ratiba na tangazo mezani pamoja: shajara ya somo moja la kisomo

12 Mei 2025. Tunakoanzia

Wanakisomo wetu wa jioni hapa Tanga wanasoma. Mpe mtu ratiba ya mabasi umuulize gari la kwanza linaondoka saa ngapi, atakuonyesha kwa kidole. Mpe tangazo la stendi umuulize linasema nini, atakusomea mpaka mwisho. Mambo huharibika pale anapotakiwa kuzishika karatasi zote mbili kwa pamoja: tangazo limebadilisha kitu kilichoandikwa kwenye ratiba, na yeye anatakiwa kusema apande basi gani na atoke nyumbani saa ngapi. Hapo wengi huchagua karatasi moja na kuiamini, na nyingine huikunja.

Nataka kutengeneza zana ya somo hili, yaani ratiba moja, tangazo moja, na maswali machache yenye hatua zaidi ya moja. Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwalimu mwingine aweze kunakili bila kupitia tulikopita sisi.

Kwanza nilifikiria kutumia picha ya ubao wa stendi. Haikufaa, kwa sababu ubao halisi una njia nyingi, namba za simu na maandishi yaliyofutika, na darasa lilipoteza muda likitafuta njia yenyewe. Nikaamua kutunga ratiba ya mazoezi kwa njia ambayo kila mtu hapa anaijua, Tanga kwenda Lushoto. Miji ni ya kweli na imepangwa kama ilivyo barabarani. Saa nimezitunga mimi, kwa hiyo mtu asije akaenda nazo stendi.

| Kituo | Basi 1 | Basi 2* | Basi 3 | Basi 4 |
|---|---|---|---|---|
| Tanga | 06:00 | 07:30 | 10:00 | 13:30 |
| Muheza | 06:45 | 08:15 | 10:45 | 14:15 |
| Korogwe | 07:50 | 09:20 | 11:50 | 15:20 |
| Mombo | 08:35 | 10:05 | 12:35 | 16:05 |
| Lushoto | 09:35 | 11:05 | 13:35 | 17:05 |

*Haliendi Jumapili na sikukuu.

Na tangazo la kwanza, kama lilivyokuwa siku hiyo:

TANGAZO KWA ABIRIA. Kuanzia Jumanne tarehe 1 Julai hadi Jumapili tarehe 13 Julai 2025, kutokana na matengenezo ya barabara kati ya Mombo na Lushoto, mabasi yatatumia dakika 30 zaidi katika kipande hicho. Basi la 3 litaishia Mombo. Abiria wafike kituoni nusu saa kabla ya basi kuondoka.

Gharama mpaka hapa: kuchapa ukurasa mmoja shilingi 500, na kopi shilingi 100 kila moja.

19 Mei. Saa mbili katika kichwa kimoja

Kabla ya kugusa tangazo tulikwama kwenye saa. Tiketi na ratiba zinaandika 06:45, mdomo unasema saa moja kasorobo. Hilo kila mtu analijua, na ukimuuliza peke yake anajibu vizuri. Ugumu unatokea katikati ya hesabu. Swali linasema miadi ni saa tano na nusu asubuhi, mtu anashuka na kidole kwenye safu ya Lushoto akitafuta 5:30, haioni, anasema hakuna basi. Mwingine alibadilisha miadi kuwa 11:30 sawasawa, akachagua basi sawasawa, kisha alipofika Muheza akasoma 08:15 kama saa nane na robo. Akashangaa mwenyewe: "Mwalimu, mbona naondoka mchana kuwahi miadi ya asubuhi?" Mshangao huo una faida, kwa maana anayejiuliza hivyo atajirekebisha. Ninaowahofia ni wale wasioshangaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuandika ratiba nzima kwa saa za Kiswahili. Somo likawa jepesi mno na likakosa maana, kwa sababu tiketi atakayokatiwa haitamwandikia hivyo. Nikaiondoa.

Jaribio la pili lilikuwa kuweka saa zote mbili kwenye kila kisanduku. Ratiba ikajaa namba mara mbili, na macho yakawa yanaruka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ndani ya mstari uleule. Hili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Kilichofanya kazi ni sheria ya mlango. Unabadilisha saa unapoingia na unapotoka, ndani hubadilishi. Saa ya miadi iliyosemwa kwa mdomo inageuzwa kuwa ya ratiba mara moja, mwanzoni, na inaandikwa juu ya karatasi. Hesabu yote inafanywa kwa saa za ratiba. Jibu likishapatikana ndipo linageuzwa kuwa la mdomo, na linaandikwa kwa maneno: "saa kumi na mbili na robo asubuhi". Nasisitiza maneno kwa sababu mtu akiandika 12:15 tu, hujui anamaanisha alfajiri kumepambazuka au mchana wa jua kali.

Kwa kugeuza, tuna saa ya ukutani yenye mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, soma namba iliyo mkabala nayo upande wa pili, ni 3, basi ni saa tatu. Kwa saa za alasiri kwenye ratiba, kama 14:15, tunatoa sita: saa nane na robo. Fundi cherehani wetu aligundua kwamba kutoa sita kunafaa kuanzia 07 mpaka 18, na kwamba kwa 06 kurudi nyuma unaongeza sita badala ya kutoa. Tumeliandika ubaoni kama alivyolisema.

26 Mei. Swali la kwanza

Swali lilikuwa hili: Mama mmoja anakaa Muheza. Alhamisi tarehe 3 Julai ana miadi hospitalini Lushoto saa sita na nusu mchana. Kutoka stendi ya Lushoto hadi hospitali ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Apande basi gani, na asichelewe kufika stendi ya Muheza kupita saa ngapi?

Miadi ni 12:30. Basi la 2 linafika Lushoto 11:05 kwa ratiba, na kwa tangazo 11:35. Akitembea anafika 11:50, amewahi. Muheza linapita 08:15, kwa hiyo awe stendi 07:45, saa mbili kasorobo asubuhi.

Wengi walipata, nikafurahi mpaka nilipoanza kupita mezani na kumwambia kila mmoja anieleze alivyofika pale. Wapo waliokuwa hawajafungua tangazo zaidi ya mstari wa mwisho. Waliona 11:05, wakaona inatosha, wakatoa nusu saa. Ucheleweshaji wa barabara hawakuuona kabisa na jibu lao likawa sahihi, maana miadi ya 12:30 iko mbali kiasi kwamba ukichelewa usichelewe, Basi la 2 ndilo lilelile. Swali lilikuwa halipimi kile nilichodhani linapima.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Kulikuwa na majibu mawili ya 08:15. La kwanza ni la mtu aliyesahau nusu saa ya kuwahi. La pili ni la mzee wetu mlinzi, ambaye aliongeza dakika 30 za matengenezo kwenye saa ya Muheza, ikawa 08:45, kisha akatoa dakika 30 za kuwahi, ikarudi 08:15. Makosa mawili tofauti yametoa namba moja, kwa sababu tu nilichagua dakika 30 mara mbili. Kama ningesahihisha kwa kuangalia jibu peke yake, ningemfundisha mzee kuhusu nusu saa ambayo alikuwa anaijua vizuri sana.

2 Juni. Kuchelewa kunaanzia wapi

Kosa la mzee mlinzi lilistahili kipindi kizima. Nilimuuliza mbona ameongeza Muheza, akanijibu: "Basi likichelewa si limechelewa, Mwalimu? Wameandika mabasi." Wengine wakamuunga mkono. Na kweli sentensi inasema mabasi, na neno "katika kipande hicho" liko mwisho ambako jicho limeshachoka.

Kosa hili lina hatari kuliko yote, kwa sababu anayelifanya anafika stendi akiwa amechelewa huku anaamini amewahi. Aliyesahau tangazo anakosa miadi. Huyu anakosa hata basi.

Kueleza kwa maneno hakukusaidia. Nilichora barabara kwenye manila kuanzia Tanga hadi Lushoto, nikaweka kokoto kati ya Mombo na Lushoto kuwa ndiyo matengenezo, na kizibo cha soda kikawa basi. Mama mwenye genge la nyanya akasukuma kizibo. Kila kituo tulisimama nikauliza swali moja: limekwishapita penye kokoto? Muheza, bado. Korogwe, bado. Mombo, bado. Mpaka Lushoto ndipo likajibiwa "limepita", na hapo tu ndipo tukaandika dakika za ziada kwa penseli. Safu nne za juu hazikuguswa.

Kisha nikageuza kizibo kirudi Tanga, na hapa ndipo darasa lilipoamka. Niliwapa basi la kurudi linaloondoka Lushoto 14:00, linapita Mombo 15:00, Korogwe 15:45, Muheza 16:50 na kufika Tanga 17:35. Kokoto ni ileile, tangazo ni lilelile, lakini sasa kizibo kinaipita mapema, kwa hiyo kuanzia Mombo mpaka Tanga kila kituo kinachelewa na Lushoto peke yake ndiyo haibadiliki. Ukimpa mwanakisomo njia ya kwenda bila ya kurudi, ataondoka na sheria ya uongo kwamba kuchelewa ni kwa kituo cha mwisho. Yeyote atakayenakili somo hili, naomba asiruke safari ya kurudi.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu mmoja. Kabla ya kusoma swali lolote, ratiba inarekebishwa kwanza. Tunachukua tangazo sentensi kwa sentensi, na kwa kila sentensi tunauliza basi gani, siku gani, kuanzia kituo gani, kisha tunaandika badiliko kwa penseli kwenye ratiba yenyewe. Basi la 3 linapigwa mstari kwenye safu ya Lushoto. Baada ya hapo tangazo linageuzwa kifudifudi na maswali yanajibiwa kwa karatasi moja. Wale waliokuwa wakikunja karatasi moja bado wanaikunja, ila sasa wanafanya hivyo baada ya kuhamisha kilichomo.

Gharama: manila shilingi 1,000, kalamu ya maka shilingi 1,500. Penseli na ufutio wanakuja navyo.

12 Juni. Kupanga namba upya

Wiki ya Idi darasa lilikuwa tupu, nikapata nafasi ya kukaa na namba. Nilitaka kila kosa litoe jibu lake, ili nikiona jibu nijue mtu alipopotelea bila kumhoji.

Nilibadilisha mambo matatu. Dakika za matengenezo zikawa 40, ili zisifanane na zile 30 za kuwahi. Miadi ikasogezwa kuwa saa tano na nusu asubuhi, yaani 11:30, ambapo Basi la 2 linawahi kwa ratiba lakini kwa tangazo linafika 11:45 na limeshachelewa. Na mwendo wa miguu nikautoa kabisa. Nilijaribu kuubakiza kwa kuweka miadi 11:50, lakini aliyesahau kutembea na aliyesahau matengenezo wote wawili waliangukia Basi la 2 na 07:45. Swali moja halibebi mitego yote.

Sasa jibu sahihi ni Basi la 1. Linafika Lushoto 09:35, na kwa tangazo 10:15. Muheza linapita 06:45, kwa hiyo mama awe stendi 06:15, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Na hivi ndivyo ninavyosoma majibu mengine:

| Jibu | Kilichotokea |
|---|---|
| Basi 2, 08:15 | Hakusoma tangazo kabisa |
| Basi 2, 07:45 | Alisoma nusu saa, hakuona matengenezo |
| Basi 1, 06:45 | Aliona matengenezo, alisahau nusu saa |
| Basi 1, 06:55 | Aliongeza dakika 40 Muheza |
| Basi 1, 07:15 | Aliongeza nusu saa badala ya kutoa |
| Basi 1, 05:30 | Alisoma safu ya Tanga |
| "Hakuna basi" | Alitafuta 5:30, hakugeuza saa mlangoni |

Jedwali hili limenipunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote. Napita mezani, naona 06:55, najua nichukue kizibo na kokoto. Naona 07:45, najua nimrudishie tangazo alisome upya. Simpi mtu somo la kosa ambalo hakulifanya.

Lina upungufu mmoja. Kutoa 30 kwenye 06:45 hakuhitaji kukopa, hivyo mtu anayehesabu dakika kana kwamba saa moja ina dakika mia haonekani hapa. Anaonekana kwenye rasimu ya kando pekee, pale anapoongeza 40 kwenye 09:35 na kuandika 09:75. Basi ndilo lilelile, kosa linapita.

19 Juni. Swali la Basi la 3

Kwa ajili ya huyo wa 09:75 nilitunga swali la pili. Mjomba anamaliza kazi Korogwe Jumamosi tarehe 5 Julai saa nne na nusu asubuhi, na anataka kuwa Lushoto kabla ya saa kumi na mbili jioni. Apande basi gani na awe stendi ya Korogwe saa ngapi?

Basi la 3 linapita 11:50 na kwa ratiba lingemfikisha 13:35, lakini tangazo limelikatisha Mombo. Linabaki la 4, linalopita Korogwe 15:20 na kufika Lushoto 17:05 kwa ratiba, 17:45 kwa tangazo. Awe stendi 14:50, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri. Anayehesabu kwa mia anaandika 14:90, na hapo hajifichi. Dawa yake kwetu ni kutoa kwa vipande: kutoka 15:20 toa dakika 20 ufike 15:00, kisha toa 10 zilizobaki. Hakuna kukopa, na hata asiyejua kuandika hesabu anaweza kuifanya kichwani.

Ubishi ulikuja kutoka kwa dereva wa bodaboda. Kwake jibu ni Basi la 3: mjomba ashuke Mombo saa saba kasoro, achukue pikipiki au gari dogo apande mlima, saa tisa ameshakunywa chai Lushoto. "Mwalimu, mtu gani atakaa Korogwe tangu asubuhi anasubiri gari la saa tisa?" Hakuna aliyeweza kumpinga, na mimi pia ningefanya hivyo.

Nilikataa kumpa kosa, lakini nilikataa pia kuliweka kama jibu la karatasi. Mezani tulikubaliana hivi: jibu linalotegemea kitu kisichomo kwenye ratiba wala tangazo linapokelewa, mradi mtu aseme waziwazi ni kitu gani amekiongeza na afahamu kwamba nauli yake na upatikanaji wake havijaandikwa. Dereva aliandika "pikipiki, sijui bei siku hiyo". Nimempa alama zote. Aliyeandika Basi la 3 bila maelezo sikumpa, kwa kuwa huyo hakuona neno "litaishia".

26 Juni. Sabasaba, na sentensi iliyotukwamisha

Swali la tatu lilikuwa la nyota. Abiria wa Tanga anatakiwa kuwa Mombo Jumatatu tarehe 7 Julai kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Basi la 2 linafika Mombo 10:05, limewahi. Ila tarehe 7 Julai ni Sabasaba, sikukuu, na Basi la 2 lina nyota. Haikuandikwa popote kwenye karatasi zetu kwamba ni sikukuu. Inabidi mtu aje nayo kichwani. Kwa maoni yangu hii ni haki, kwa sababu hata ubao wa stendi hautakukumbusha, na hapa hakuna mtu mzima asiyeijua Sabasaba. Kwa sikukuu ya Idi nisingeuliza hivyo, kwa sababu tarehe yake inasubiri mwezi.

Tatizo lilikuwa kwenye namba tena. Mtu aliyeongeza dakika 40 kimakosa alipata Mombo 10:45, akaona amechelewa, akachagua Basi la 1, na hilo ndilo jibu sahihi. Sikukuu hakuiona kabisa. Nimesogeza muda kuwa saa tano kamili, 11:00. Sasa hata ukikosea na kupata 10:45 bado Basi la 2 linaonekana linafaa, na kitu pekee kinachoweza kukuondoa hapo ni nyota. Jibu ni Basi la 1, awe stendi ya Tanga 05:30, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Aidha, tumeongeza mstari wa "kwa nini" chini ya swali hili. Anayeandika "sikukuu" ameelewa.

Kisha nikarudisha swali la mama wa Muheza nikabadilisha tarehe tu, kutoka 3 Julai kuwa 14 Julai, ili kuona nani anaangalia tangazo linapoisha. Nilitegemea Basi la 2 na 07:45. Fundi cherehani akainua mkono: "Hii nusu saa nayo inaisha tarehe 13, au ni ya siku zote?"

Nikasoma tangazo langu tena. Halijibu. Tarehe ziko kwenye sentensi ya kwanza, nusu saa iko kwenye ya tatu, na msomaji mwaminifu anaweza kwenda upande wowote. Na ya Basi la 3 je? Hiyo nayo imekaa bila tarehe. Darasa liligawanyika na pande zote zilikuwa na hoja. Kipindi kiliisha bila jibu, maana jibu halikuwepo kwenye karatasi.

Marekebisho hayakuwa magumu. Nusu saa imehamishwa kwenda chini ya ratiba, pembeni ya nyota, mahali pa mambo ya kudumu. Tangazo limebaki na mambo ya muda, yote chini ya tarehe zake:

TANGAZO KWA ABIRIA. Kuanzia Jumanne tarehe 1 Julai hadi Jumapili tarehe 13 Julai 2025 barabara kati ya Mombo na Lushoto itakuwa katika matengenezo. Katika siku hizo: (a) mabasi yatatumia dakika 40 zaidi kati ya Mombo na Lushoto; (b) Basi la 3 litaishia Mombo.

Kwa mabadiliko haya, jedwali la makosa nalo limebadilika kidogo. Asiyesoma tangazo kabisa sasa anatoa 07:45, na 08:15 ni ya mtu ambaye hakusoma tangazo wala maelezo ya chini ya ratiba. Safu nyingine ziko vilevile.

Lile tangazo la zamani sijalitupa. Nalitoa mwishoni mwa somo na kuuliza: ungeenda dirishani kumuuliza karani kitu gani? Swali zuri la kuuliza dirishani ni ujuzi wa peke yake, na wanakisomo waliotunga "Je, nusu saa inaendelea baada ya tarehe 13?" wamesoma tangazo vizuri kuliko mimi niliyeliandika.

30 Juni. Kwa atakayenakili

Zana imekamilika: ratiba, tangazo, maswali manne pamoja na lile la tarehe 14, barabara ya manila, kokoto na kizibo. Kilichokula fedha ni kopi, kwa sababu kila marekebisho yalitaka seti mpya kwa darasa zima. Ningeanza upya, ningeandika kwa mkono ubaoni mpaka namba zitulie, ndipo niende kutoa kopi.

Ukibadilisha miji na saa ziwe za kwenu, angalia vitu vitatu kabla ya kuchapa. Dakika za kuchelewa zisilingane na dakika za kuwahi. Saa ya miadi iangukie kati ya saa ambayo basi lingefika kwa ratiba na saa litakayofika kwa tangazo, la sivyo tangazo halibadilishi chochote. Na angalau swali moja lidai kutoa dakika nyingi kuliko zilizo baada ya nukta mbili, kama 15:20 kutoa 30. Kisha kaa ufanye kila kosa kwa makusudi, moja baada ya jingine, uandike jibu linalotoka. Yakitokea majibu mawili yanayofanana, sogeza namba.

Kinachofuata ni ratiba ya kurudi, Lushoto kwenda Tanga, kwa mabasi yote manne. Huko kuchelewa kunaanza kituo cha pili, kwa hiyo 06:55 yangu haitakuwa kosa tena, na jedwali lote itabidi lipangwe upya.